Ufupisho wa Karatasi ya Pili: nasoma majibu ya mfano kila siku, mbona alama hazipandi?

kijana_wa_kondele
Habari zenu wakubwa. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea hapa Kisumu, narudia KCSE kwa sababu ya Kiswahili na Hisabati. Mchana niko dukani nauza simu, usiku ndio nasoma. Nilienda saiba nikachapishiwa karatasi za nyuma za Kiswahili 102/2 pamoja na miongozo yake ya kusahihishia. Ninachofanya ni hivi: nasoma kifungu, nasoma jibu la mfano, naelewa kabisa, halafu naenda kingine. Lakini nikijipima mwenyewe kwa kifungu ambacho sijawahi kukiona, ufupisho napata alama nne au tano kwa kumi na tano. Ufahamu kidogo afadhali. Isimujamii sina shida nayo.

Nikisoma jibu la mfano naona, aa, hili hata mimi ningeliandika. Nikishika kalamu, silioni. Nifanyeje?

mama_kaptembwo
Pole mwanangu. Binti yangu yuko kidato cha tatu huku Nakuru na analia hivyo hivyo. Mwalimu wao alimwambia asome magazeti ya Kiswahili na aandike insha moja kila wiki. Wewe insha unaandika ngapi? Labda hapo ndipo penye shida.

kijana_wa_kondele
Asante mama, lakini insha ni Karatasi ya Kwanza. Hiyo napita vizuri. Nauliza ufupisho, ule wa "fupisha kwa maneno 60".

bodaboda_kakamega
Mimi nilifanya KCSE zamani kidogo nikapata B ya Kiswahili, kwa hivyo nisikilize. Siri ni kunakili. Mwandishi wa kifungu ndiye anayejua Kiswahili, wewe unatafuta maneno yako ya nini? Chukua sentensi ya kwanza ya kila aya, ziunganishe kwa "aidha" na "vilevile", umemaliza. Kwenye ufahamu ni hivyo hivyo, tafuta sentensi yenye jibu uidondoe yote jinsi ilivyo. Hutakosea tahajia na hutakosea sarufi.

mwalimu_webuye
Kaka wa Kakamega, hapo umepata nusu. Ni kweli kwamba hoja lazima zitoke kifunguni, na mtahiniwa anayeleta hoja zake za kichwani hapati kitu hata kama ni za kweli. Lakini sentensi ya kwanza ya aya mara nyingi ni ya kufungulia mazungumzo tu, haina hoja. Na ukidondoa sentensi nzima unabeba na mizigo yake: mifano, maelezo, sababu. Maneno 60 yanaisha ukiwa na hoja tatu, na mwongozo unataka saba.

Sasa wewe wa Kondele. Shida yako naiona kwenye maneno yako mwenyewe: unasoma kifungu, kisha unasoma jibu. Unaona mwanzo na mwisho, na kazi yenyewe imefanyika katikati. Nimefundisha Kiswahili shule za Bungoma miaka mingi, na wanafunzi wangu nawafanyisha hivi kabla hawajaandika ufupisho wowote.

Chukua kifungu na mwongozo wake. Shika penseli. Hoja ya kwanza ya mwongozo, itafute kifunguni, uandike 1 pambizoni penye sentensi ilikotoka. Hoja ya pili, andika 2. Endelea mpaka hoja zote ziishe. Ukimaliza, usiangalie namba. Angalia sentensi ambazo hazikupata namba. Kila moja ujiulize: huyu mtungaji wa mwongozo aliiacha kwa nini? Utaandika neno moja kando yake: mfano, sababu, marudio, au "haikuulizwa". Fanya hivyo kwa vifungu vitatu au vinne bila kuandika ufupisho wako hata mmoja. Hapo ndipo utaanza kuona kile ambacho jibu la mfano haliwezi kukuonyesha, kwa maana kilichoachwa hakimo ndani ya jibu.

kijana_wa_kondele
Mwalimu, hilo sijawahi kulifanya. Kwa hivyo nisiandike kwanza?

mwalimu_webuye
Kwa vifungu vya mwanzo, usiandike. Lakini ngoja nikupe kimoja nilichokitunga mimi kwa mtindo wa mtihani, ujaribu mara moja tujue umesimama wapi. Kinahusu ziwa lenu.

> Wakazi wa ufuo wa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Kisumu wanalijua gugumaji vizuri. Gugu hili, ambalo asili yake ni Amerika Kusini, huelea juu ya maji na kuzaana kwa kasi, hasa pale taka na mbolea kutoka mashambani zinapoingia ziwani. Linapotanda karibu na ufuo, mashua, mitumbwi na hata feri hushindwa kupita, na wavuvi hulazimika kukaa nchi kavu. Nyavu nazo hunaswa na kukatika, na kununua nyingine ni gharama. Zaidi ya hayo, mwanga wa jua hauwezi kupenya hadi chini na hewa ya oksijeni hupungua majini, hivyo samaki hufa. Maji yaliyotuama katikati ya majani yake huwa makao ya mbu wanaoeneza malaria na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Mabomba ya kuvuta maji ya mji nayo huziba. Hata hivyo, wapo akina mama wanaovuna mashina yake, kuyakausha na kusuka vikapu, viti na mazulia ya kuuza. Gugu hilo pia linaweza kutumiwa kutengeneza gesi ya kupikia.

Swali: Eleza madhara ya gugumaji kwa mujibu wa kifungu. Maneno 40. Alama 7, moja ni ya mtiririko.

Usichungulie popote. Andika uweke hapa.

kijana_wa_kondele
Haya mwalimu, nimeandika nikiwa dukani wateja wakipungua:

> Gugumaji hufanya mashua, mitumbwi na hata feri hushindwa kupita na wavuvi hulazimika kukaa nchi kavu. Nyavu nazo hunaswa na kukatika na kununua nyingine ni gharama. Samaki hufa kwa sababu mwanga wa jua hauwezi kupenya. Pia akina mama huvuna mashina yake na kusuka vikapu, viti na mazulia ya kuuza.

bodaboda_kakamega
Safi sana! Mimi ningekupa sita.

mwalimu_webuye
Tusimpe sita, tutamdanganya. Tuhesabu pamoja.

Kwanza maneno. Yako 48, ulipewa 40. Umezidi kwa nane.

Pili hoja. Swali ni la alama 7, moja ya mtiririko, kwa hivyo zinatafutwa hoja sita za alama moja moja. Hilo ulijue kabla hujasoma hata mstari mmoja wa kifungu. Ukiwa na hoja tatu mkononi unajua bado tatu ziko humo, rudi ukazitafute. Wewe una tatu: vyombo kutopita, nyavu kukatika, samaki kufa. Mbu, konokono na mabomba hukuvifikia, na sababu yake iko wazi ukiangalia maneno 48 yalikwenda wapi.

"Mashua, mitumbwi na hata feri" ni maneno matano. Hiyo ni mifano. Neno moja, "vyombo", linatosha. "Na kununua nyingine ni gharama", matano mengine, ni maelezo yanayofuata hoja ambayo umeshaitaja. Na sentensi nzima ya akina mama, maneno 14, haina hata robo ya alama kwa sababu swali limeuliza madhara. Vikapu ni faida. Mtungaji aliandika "hata hivyo" kukuambia kwamba hapo anageuza njia. Kwa hivyo maneno 24, yaani nusu nzima ya jibu lako, hayana alama.

Tatu sarufi. "Gugumaji hufanya mashua… hushindwa" haikai. Ni "hufanya mashua kushindwa". Hapo umedondoa kitenzi kama kilivyo kifunguni ukakiweka ndani ya sentensi nyingine isiyokitaka. Kaka wa Kakamega aliposema ukinakili hutakosea sarufi, hapa ndipo kunakili kulipoleta kosa. Nusu alama imekwenda.

Mtiririko sikupi, kwa sababu umetoka kwenye samaki waliokufa ukaingia kwa "pia" kwenye vikapu, kana kwamba vikapu navyo ni madhara. Una 2½ kwa 7. Kwa kumi na tano ni kama tano, zile zile ulizosema unapata.

kijana_wa_kondele
Wacha! Imeuma lakini nimeelewa. Kwa hivyo sikushindwa Kiswahili, nilijaza nafasi na vitu ambavyo havikuulizwa.

mwalimu_webuye
Ndiyo. Sasa tazama matayarisho yangu. Kwenye karatasi ya mtihani kuna nafasi imeandikwa "Matayarisho" na nyingine "Jibu". Wengi huacha ya kwanza tupu, au huandika humo insha nzima kisha wakainakili chini, muda ukaisha. Matayarisho ni vijisehemu tu:

1 vyombo havipiti
2 nyavu hukatika
3 oksijeni hupungua, samaki hufa
4 mbu, malaria
5 konokono, kichocho
6 mabomba huziba

Sita. Sasa ndipo naandika:

> Gugumaji huzuia vyombo vya majini kusafiri na huharibu nyavu za wavuvi. Aidha, hupunguza oksijeni majini na kuua samaki. Huwa pia makao ya mbu wanaoeneza malaria na konokono wa kichocho, mbali na kuziba mabomba ya maji ya mji.

Maneno 37. Kuna kitu kimoja hapo ningependa ukione. Kwenye sentensi ya kwanza nimeandika "na huharibu nyavu", sikuandika "na kuharibu nyavu". Ningeandika "huzuia vyombo kusafiri na kuharibu nyavu", mtu angesoma kwamba gugumaji linavizuia vyombo visiharibu nyavu. Hoja ingepinduka ikawa faida. Ukibana maneno, makosa ya aina hii ndiyo huingia, kwa hivyo ukimaliza soma tena jibu lako kama mtu ambaye hajawahi kukiona kifungu.

mwl_njoro
Mwalimu mwenzangu, heshima zako, lakini mimi nina swali na hizo hoja sita. "Wavuvi hulazimika kukaa nchi kavu" umeitupa. Kwangu hiyo ni hoja kamili: wavuvi hukosa riziki. Ni madhara kwa watu, si kwa vyombo. Na mbu na konokono ningewaweka pamoja, "hueneza magonjwa", hoja moja. Hapo bado tunapata sita. Mwanafunzi wangu akiandika hivyo nampa zote.

mwalimu_webuye
Nilidhani swali hili litakuja. Niliiacha kwa sababu kifungu kinasema wanakaa nchi kavu kwa vile vyombo havipiti, kwa hivyo niliiona kama tokeo la hoja ya kwanza. Na malaria na kichocho nimezitenganisha kwa sababu viumbe ni wawili na magonjwa ni mawili.

mwl_njoro
Lakini kifungu hakikusema kukosa riziki moja kwa moja, nakubali. Bado mimi ningeipa "wavuvi hushindwa kufanya kazi". Hata samaki kufa ni tokeo la oksijeni kupungua, na umeipa alama.

mwalimu_webuye
Hiyo ya samaki una haki. Tuseme basi kwamba anayeandika saba zote ndani ya maneno 40 hawezi kupoteza kwangu wala kwako. Mtihani halisi una kikao cha wasahihishaji kabla ya kuanza kusahihisha, na hoja kama hizi ndizo zinazojadiliwa huko. Mwanafunzi nyumbani hana kikao, ndiyo maana namwambia akiwa na shaka kati ya hoja mbili na maneno yanatosha, aziandike zote mbili.

kijana_wa_kondele
Sasa nauliza. Hii miongozo niliyochapishiwa saiba, nitajuaje ni sahihi? Mingine imeandikwa jina la kaunti na "moki", mingine haina kichwa kabisa.

mwl_njoro
Swali zuri hilo. Nyingi ni za mitihani ya majaribio, zimetungwa na walimu wa kaunti au kundi la shule, na ubora wake hautoshani. Mimi nazipima kwa kalamu tu. Hesabu hoja kwenye mwongozo uone kama zinalingana na alama. Swali la alama 8 na moja ya mtiririko, hoja zikiwa nne, mtu alilala. Kisha hesabu maneno ya jibu la mfano. Nimewahi kushika mwongozo ambao jibu lake lilikuwa na maneno 72 na swali lilitaka 60! Mwanafunzi akiliiga hilo atakatwa. Na kila hoja jaribu kuiwekea namba pambizoni kama mwalimu wa Webuye alivyosema. Hoja ambayo haina mahali ilipotoka kifunguni, ifute kwa wino.

Kuhusu kukatwa kwa maneno ya ziada, miongozo haisemi kitu kimoja. Mingi niliyoitumia hukata alama moja kwa maneno kumi ya kwanza yaliyozidi, na nusu kwa kila matano yanayofuata. Mingine huchora mstari mahali maneno yalipofika kikomo na kuacha kusoma. Kwa vyovyote, kaa chini ya kikomo.

mama_kaptembwo
Samahani walimu, narudi kwa binti yangu. Yeye hata ufahamu anaanguka, na nimeona karatasi yake. Anaandika majibu marefu, Kiswahili kizuri hata mimi nimekifurahia, lakini mwalimu amempa nusu nusu. Hasa ule wa "eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika".

mwl_njoro
Mama, hapo mfano wa gugumaji unatufaa tena. Tuseme ameulizwa maana ya "linapotanda". Wengi wataandika "kutandika kitu" au "kuenea". "Kuenea" iko karibu, lakini umbo si lake. Neno lilikuwa "linapotanda", jibu ni "linapoenea". Wakati ule ule, kiambishi kile kile. Halafu alirudishe kwenye sentensi: "Linapoenea karibu na ufuo, mashua hushindwa kupita." Imekaa. Sasa chukua "hunaswa". Binti akiandika "hushikwa na polisi", kwenye mazungumzo ya nyumbani ni sawa, lakini airudishe: "Nyavu nazo hushikwa na polisi." Atacheka mwenyewe na kuifuta. "Hukwama" inakaa.

Na yale majibu marefu, aangalie alama zilizoandikwa mbele ya swali. Swali la alama 2 linataka vitu viwili. Akiandika aya nzima yenye kitu kimoja kilichosemwa mara tatu kwa lugha tamu, atapata moja.

mama_kaptembwo
Nimempigia picha ya skrini hii nimwonyeshe siku ya kutembelewa. Asante sana mwalimu.

bodaboda_kakamega
Nakubali kwa hilo la vikapu. Lakini walimu, na sisi wa lugha zetu? Mimi nikiandika haraka naandika "b" penye "p". Rafiki yangu wa Siaya "z" yake yote ni "s". Si tunakatwa tu hata hoja zikiwa zote?

mwalimu_webuye
Mnakatwa, ndiyo, na ufupisho ndiko inakouma zaidi kwa sababu jibu ni fupi na kila kosa linaonekana. Kijaluo hakina z wala sh, kwa hivyo "huziba" hutoka "husiba" na "mashua" hutoka "masua". Kibukusu nacho hutuchanganyia b na p, t na d, g na k. Dawa ni ndogo: maneno mengi ya ufupisho yamo kifunguni, yameandikwa sawa. Dakika mbili za mwisho, mtu apitie jibu lake akitafuta herufi zake tu zinazomsumbua, asitafute kitu kingine, na kila neno lenye herufi hiyo alilinganishe na kifungu.

kijana_wa_kondele
Mwalimu, nimetulia usiku nikachukua kifungu kimoja cha saiba nikaweka namba pambizoni. Swali lilikuwa la alama 8. Mwongozo una hoja saba, sita nimezipata mahali zilipotoka. Ya saba sijaiona popote, nimesoma aya zote mbili tena na tena. Na kuna sentensi nne hazina namba: mbili nimeandika "mfano", moja "marudio". Ya nne sijui. Inaanza na "kwa hakika" na kwangu ni hoja kabisa, hata ina nguvu kuliko zile nyingine.

mwl_njoro
Ukiwa na nafasi ichape hapa, sentensi hiyo na iliyo kabla yake, pamoja na hoja ya saba jinsi mwongozo ulivyoiandika. Huenda mtungaji ameibadilisha maneno mpaka ikapotea, na hoja ya saba ndiyo hiyo sentensi yako ya "kwa hakika".

kijana_wa_kondele
Sawa mwalimu. Nafunga duka saa mbili, nikifika nyumbani naichapa yote.